Upangaji wa zamu kwa namba kamili

Upangaji wa zamu kwa namba kamili ni njia ya hisabati ya kuamua ni wafanyakazi wangapi waingie katika kila aina ya zamu, ili kila saa iwe na watu wa kutosha na jumla ya malipo iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Huitwa wa namba kamili kwa sababu majibu yake sharti yawe 0, 1, 2 na kuendelea. Hakuna keshia nusu.

Tatizo hili liliingia katika maandishi ya utafiti kupitia vibanda vya kulipia ushuru wa barabara. Mwaka 1954 Leslie Edie, aliyefanya kazi katika Mamlaka ya Bandari ya New York, alichapisha uchunguzi wa foleni za magari kwenye vibanda hivyo, akaonyesha namna ya kukadiria idadi ya vibanda vinavyohitajika kila sehemu ya siku. Mwaka huohuo George Dantzig aliandika maoni mafupi kuhusu kazi hiyo, akionyesha kuwa kugawa wakusanya ushuru kwenye zamu ni tatizo la kupunguza gharama chini ya masharti. Mgawanyo huo wa kazi upo mpaka leo: kwanza foleni huchunguzwa ili kujua mahitaji ya kila saa, kisha zamu hupangwa kuyatosheleza.

Tuchukue duka la jumla la Dar es Salaam linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Takwimu zake ni za mfano tu. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana wateja ni wengi, na makeshia watano wanahitajika muda wote huo. Saa nyingine zinahitaji makeshia wanne. Keshia wa kutwa hulipwa shilingi 20,000, wa muda anayeingia saa 5 na kutoka saa 8 hulipwa shilingi 9,000.

Kabla ya kuandika hesabu yoyote, orodhesha zamu zinazoruhusiwa. Hapa ndipo sheria za kazi zinapoingia, na ndipo mpangaji anapohitaji umakini kuliko mahali pengine popote, maana zamu isiyoorodheshwa haiwezi kuchaguliwa hata kama ingekuwa bora. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Kwa anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, mapumziko ya saa nzima yanaweza kuanza saa 5, saa 6 au saa 7. Yakianza saa 4, atakaporudi atakabiliwa na saa sita mfululizo. Yakianza saa 8, saa sita zitakuwa zimeshapita. Kwa hiyo tukipanga mapumziko yaanze saa kamili, zamu za kutwa ni tatu tu. Bahati mbaya mapumziko yote matatu yanaangukia wakati wa msongamano.

Tuite x1, x2 na x3 idadi ya makeshia wa kutwa wanaopumzika kuanzia saa 5, saa 6 na saa 7, na y idadi ya makeshia wa muda. Katika muundo unaosomwa na programu kama GLPK, tatizo zima ni hili:

```
Minimize
 gharama: 20000 x1 + 20000 x2 + 20000 x3 + 9000 y
Subject To
 siku: x1 + x2 + x3 >= 4
 saa5: x2 + x3 + y >= 5
 saa6: x1 + x3 + y >= 5
 saa7: x1 + x2 + y >= 5
General
 x1 x2 x3 y
End
```

Mstari wa saa5 hauna x1 kwa sababu hao ndio waliokwenda kula. Alama ya >= nayo imewekwa kwa makusudi. Ukiandika = unakataza keshia wa ziada hata pale ambapo ziada haiepukiki, na mara nyingi programu itajibu kwamba hakuna suluhisho.

Maneno muhimu ni General na mstari unaofuata, yanayodai namba kamili. Yaondoe, na jibu litakuwa x1, x2 na x3 sawa na 4/3 kila moja, y sawa na 7/3, kwa gharama ya shilingi 101,000. Ukikuta sehemu katika jibu la zamu, anza kwa kukagua kama dai hilo limesahaulika.

Wengi hufikiri inatosha kukadiria sehemu hizo. Hebu tujaribu. Tukipandisha kila namba, tunapata makeshia sita wa kutwa na watatu wa muda, shilingi 147,000. Tukikadiria kwa namba iliyo karibu zaidi, tunapata watatu wa kutwa na wawili wa muda. Ni rahisi, lakini duka linahitaji wanne asubuhi, hivyo mpango haufai. Jibu sahihi haliko katika lolote kati ya hayo mawili.

Njia ya kulipata ilichapishwa mwaka 1960 na Ailsa Land na Alison Doig: kugawa tatizo katika matawi na kuweka mpaka kwa kila tawi. Kwa kuwa y ilitoka 7/3, ama iwe 2 au chini yake, ama iwe 3 au zaidi. Tawi la kwanza, hata likiruhusiwa sehemu, haliwezi kushuka chini ya shilingi 108,000. Tawi la pili linatoa x1 = 2, x2 = 1, x3 = 1 na y = 3, zote namba kamili, kwa shilingi 107,000. Basi tawi la kwanza linakatwa bila kuchunguzwa zaidi, na tumethibitisha kwamba hakuna mpango wa bei nafuu zaidi. Saa 5 wapo makeshia watano. Saa 6 na saa 7 wapo sita. Kubadilishana nafasi za mapumziko, kwa mfano 1, 2, 1, hakubadilishi gharama, kwa hiyo msimamizi anaweza kuchagua ziada iangukie saa ipi.

Si kila tatizo la zamu linahitaji kazi hii. Kama kila zamu ingekuwa saa mfululizo zisizokatika na zisizovuka mwisho wa siku, na mahitaji yakawa namba kamili, hesabu ya kawaida inayoruhusu sehemu ingekuwa na jibu bora la namba kamili lenyewe. Mapumziko ya katikati huvunja sifa hiyo. Vivyo hivyo zamu za usiku katika ratiba inayojirudia kila siku, kwa kuwa zinaanza mwisho wa ratiba na kuendelea mwanzoni mwake.

Kikomo cha mfano wetu huonekana mara tu hali halisi inapobana. Tuseme makeshia wa muda wanaopatikana ni wawili tu. Ongeza sharti la y <= 2, na gharama inapanda hadi shilingi 118,000, kwa watano wa kutwa na wawili wa muda. Tofauti ya 11,000 ndiyo thamani ya keshia wa tatu wa muda kwa siku, juu ya malipo yake ya 9,000, na mwenye duka anaweza kuitumia kuamua kama inafaa kumtafuta. Nani hasa apangwe katika zamu ipi, kwa kuzingatia likizo na siku za mapumziko, ni tatizo jingine linalofuata baada ya idadi hizi kujulikana.