Mlo wa mafuta machache kwa mwenye vijiwe vya nyongo

Mlo wa mafuta machache ni chakula cha kila siku cha mtu mwenye vijiwe vya nyongo, au aliyeondolewa mfuko wa nyongo. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, mfuko hujikamua; kijiwe kikiziba njia, maumivu hushika chini ya mbavu za kulia. Aliyepasuliwa hana tena pa kuhifadhia nyongo, hivyo mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kumharisha.

Si lazima kuacha mchuzi. Kwa mchuzi wa changu wa watu 4, vitunguu na nyanya huchemshwa kwa maji kidogo katika sufuria iliyofunikwa mpaka vilainike kabisa, ndipo hutiwa kitunguu saumu, bizari, ndimu na samaki mbichi asiyekaangwa. Kijiko 1 cha chai cha mafuta, kama gramu 5, huongezwa mwishoni. Vijiko 3 vya chakula vya kuungia vingekuwa na gramu 40 hivi. Samaki akianza kuachana na mfupa, ameiva. Huliwa kwa ugali au wali mweupe. Tui zito huwaponza wengi: halikaangwi, lakini lina mafuta tele.

Mlo huu hupunguza maumivu, hauyeyushi vijiwe. Kushinda na njaa nako hakufai, kwani nyongo hutuama mfukoni na vijiwe huweza kuongezeka. Maumivu yasiyokoma kwa saa kadhaa, homa au macho ya njano ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.