Tiba ya Kifamilia ya Anoreksia kwa Vijana
Ni tiba inayowapa wazazi jukumu la kumlisha kijana anayejinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na kwa kawaida huchukua vikao karibu 20 katika miezi 6 hadi 12.

Chukua mfano wa msichana wa Kakamega mwenye miaka 15 anayeacha ugali na kubaki na mrenda mtupu. Katika awamu ya kwanza, iliyo ngumu kuliko zote, wazazi ndio wanaompakulia ugali, kuku na maziwa, kisha hukaa naye mpaka amalize. Atalia, ataficha tonge. Ni ugonjwa unaopigana, wala si wazazi waliousababisha. Hupimwa uzito kila kikao; asipoongezeka kilo 2 hivi kufikia wiki ya nne, mpango huimarishwa. Akiwa shule ya bweni, usimamizi huo hauwezekani. Bora arudi nyumbani kwanza.

Uzito ukikaribia wa kawaida na ubishi ukitulia, awamu ya pili humrudishia uamuzi polepole: anajipakulia mlo mmoja, kisha mwingine. Ya tatu ni fupi, na hugusia masomo, marafiki na uhuru wa ujana.

Akizimia, au moyo wake ukipiga chini ya mara 50 kwa dakika mchana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.