Sharti la Lh < 1 katika Historia ya Makadirio ya Mfululizo, 1890–1956

Sehemu hii inajadili iwapo sharti la Lh < 1, linaloambatana na uthibitisho wa kisasa wa kuwapo kwa jawabu pekee, linatokana na tatizo lenyewe au na kipimo kilichochaguliwa.

Mwaka 1890 Émile Picard aliligeuza tatizo la thamani ya awali y′ = f(x, y), y(0) = y₀, kuwa mlinganyo wa integrali, kisha akajenga mfuatano wa makadirio:

yₙ₊₁(x) = y₀ + ∫₀ˣ f(t, yₙ(t)) dt.

Nguzo ya hoja ni sharti alilolitoa Rudolf Lipschitz mwaka 1876: |f(x, y) − f(x, z)| ≤ L|y − z|. Kwa wepesi, hapa tunalichukulia kuwa linatimia kwa kila y na z.

Stefan Banach, katika makala yake ya mwaka 1922, aliiweka hoja ya namna hii katika umbo la jumla. Upande wa kulia wa mlinganyo huitwa T. Kwenye kipande [0, h], umbali kati ya fanksheni mbili endelevu ukiwa ni tofauti yao kubwa kabisa, umbali kati ya Ty na Tz hauzidi Lh mara umbali kati ya y na z. Iwapo Lh < 1, T ni mfinyo. Na kwa kuwa nafasi hiyo ni kamilifu, makadirio hukaribia jawabu. Jawabu hilo ni pekee, kwani umbali d kati ya majawabu mawili ungetimiza d ≤ Lh·d, yaani d = 0.

Tuchukue y′ = y, y(0) = 1, kwenye [0, 2]. Hapa Lh = 2, na mfinyo haupo. Hata hivyo, tofauti za makadirio yanayofuatana, penye x = 2, ni 2, 2, 4/3, 2/3, 4/15, na kuendelea. Hatua ya pili haipungui, lakini baadaye faktoria iliyo katika xⁿ/n! huzishinda nguvu za 2, na makadirio hufika eˣ.

Mwaka 1956 Adam Bielecki aliondoa mkinzano huo kwa kubadili kipimo pekee: tofauti ya fanksheni huzidishwa kwa e^(−λx) kabla ya kutafuta thamani yake kubwa kabisa. Kwa kuwa ∫₀ˣ e^(λt) dt < e^(λx)/λ, kigawe cha mfinyo huwa L/λ. Katika mfano wetu, λ = 2 hutoa 1/2, na h haizuiwi tena.

Kwa hiyo sharti la Lh < 1 ni la kipimo, si la tatizo. Sharti la Lipschitz halina hadhi hiyo: y′ = 3y^(2/3), y(0) = 0, lina majawabu y = 0 na y = x³, na hakuna kipimo kitakachoifanya T iwe mfinyo, kwa sababu mfinyo hauwezi kuwa na nukta tuli mbili.