Usambazaji wa picha za faragha bila ridhaa: njia za mwathirika Karagwe na Kyerwa

Usambazaji wa picha za faragha bila ridhaa ni kitendo cha kutuma au kuweka mtandaoni picha za utupu za mtu ambaye hakukubali zionekane na wengine. Haijalishi kama mwenyewe ndiye aliyejipiga na kumtumia mpenzi wake. Kukubali mtu mmoja aione picha si kukubali ionwe na kijiji kizima.

Tanzania haina kifungu kinachotaja kosa hili kwa jina lake. Wapelelezi na waendesha mashtaka hutumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hasa vifungu viwili. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha ponografia kupitia kompyuta, na simu nayo imo. Adhabu yake ni kali zaidi: faini isiyopungua shilingi milioni 20, kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Picha ikiwa ya mtoto, kipo kifungu cha 13.

Tatizo ni kwamba kifungu cha 14 hakiulizi kama aliye pichani aliridhia. Ndiyo maana waathirika wengi huogopa kituo cha polisi: wanahofu kwamba watageuzwa watuhumiwa. Wakili au msaidizi wa kisheria anapaswa kulieleza hili mapema: malalamiko ni dhidi ya aliyesambaza, na anayelalamika ndiye aliyetendewa.

Chukua mfano wa kufikirika wa binti wa Kayanga. Aliachana na mwenzake, kisha akapokea ujumbe: atume shilingi 200,000 la sivyo picha zake zitaingia kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Siku mbili baadaye zikaingia. Binti akafuta mazungumzo yote kwa aibu, akabadili laini. Kwa kufanya hivyo alipoteza ushahidi wake bora.

Jambo la kwanza kwa mwathirika ni kuhifadhi ushahidi. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba kamili ya mtumaji, tarehe na saa, wala si jina tu lililohifadhiwa kwenye simu. Aandike jina la kundi na namba za waliomo walioshuhudia. Ujumbe wenyewe abaki nao kwenye simu ileile, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotunzwa kabla ya kuupa uzito. Asizitume picha hizo kwa ndugu ili "waone", maana huko pia ni kusambaza. Ikiwa mtuhumiwa alitaja namba ya kupokelea fedha, namba hiyo ni uzi mzuri kwa mpelelezi.

Kisha aende polisi, na aombe kuhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto. Aandikishe maelezo na apewe namba ya RB. Polisi wanaweza kuitaka kampuni ya simu iwape taarifa za mwenye laini, kwani laini husajiliwa kwa alama za vidole. Hata hivyo, laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na hapo ndipo mashahidi wa kundi wanapohitajika.

Kyerwa ina ugumu wake. Ng'ambo ya Mto Kagera, mkabala na Murongo, ni Uganda, na namba ya mtumaji inaweza kuwa ya huko. Polisi wa Tanzania hawawezi kuiamuru kampuni ya Uganda moja kwa moja. Hulazimika kuomba ushirikiano wa wenzao, na hilo huchukua muda.

Kesi haiondoi picha. Kwa hilo, kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mwathirika kumwandikia mtoa huduma kumtaka aondoe maudhui haramu. Mwenye miaka 18 au zaidi anaweza pia kutumia StopNCII.org: simu yake hutengeneza alama ya picha, picha yenyewe haitoki kwenye simu, na mitandao shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok huizuia inapopakiwa. Njia hii haifiki ndani ya mazungumzo binafsi ya WhatsApp. Huko msimamizi wa kundi ndiye wa kuombwa afute mara moja.

Fidia nayo inawezekana. Nchini Kenya, mshindi wa Miss World Kenya aliyevuliwa taji baada ya picha zake kuvujishwa alikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 iliamua kwamba faragha yake ilikiukwa na kumpa fidia ya shilingi milioni 1 za Kenya. Kwa Tanzania, haki ya faragha imo katika ibara ya 16 ya Katiba. Picha zikiwa zimetoka ofisini au kwenye biashara, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2023.

Aliyepokea picha ya namna hiyo kwenye kundi asiipeleke kwingine. Amjulishe mhusika, na akubali kuwa shahidi wake.