Kirai Fafanuzi: Kufasiri Haya, Kiburi na Ukarimu wa Wayunani wa Kale

Katika taaluma ya tafsiri, neno la lugha lengwa linalobeba maana ya neno la lugha chanzi huitwa kisawe. Panapokosekana kisawe kimoja kinachotosha, mfasiri huwa na njia tatu: kulitohoa neno lenyewe, yaani kuliandika kwa sauti za Kiswahili, kutumia neno la karibu na kukubali hasara, au kuunda kirai fafanuzi, ambacho ni fungu fupi la maneno linalokaa mahali pa neno lililokosa kisawe na kufanya kazi yake ya kisarufi ndani ya sentensi. Kirai hiki si tanbihi, kwa kuwa tanbihi hukaa chini ya ukurasa na inaweza kuwa ndefu, ilhali kirai fafanuzi husomwa katika mkondo wa habari yenyewe, na kikizidi maneno matano au sita huanza kumkwamisha msomaji.

Maneno yanayodai kirai mara nyingi zaidi ni yale ya hisia na maadili, na Kiyunani cha kale kinatoa mfano mzuri kwa sababu maneno yake matatu, aidosi, hubrisi na ksenia, hufasiriwa kwa urahisi kuwa haya, kiburi na ukarimu, na tafsiri hizo huonekana kutosha hadi zinapopimwa katika matini.

Kuhusu aidosi, Kiswahili hakina umaskini wa maneno. Kina haya, aibu, soni, fedheha na staha, na kila moja lina mahali pake. Haya humzuia mtu kabla hajatenda, aibu na fedheha humpata zaidi baada ya tendo kujulikana, soni humfanya ashindwe kujitokeza au kusema, na staha huelekezwa kwa mtu anayestahili heshima. Aidosi imechukua sehemu ya haya, ya soni na ya staha kwa pamoja. Katika kitabu cha 22 cha Iliadi, Hekta anasimama nje ya ukuta wa Troya akimngoja Akile, na hathubutu kurudi ndani kwa sababu ameliangamiza jeshi lake kwa ukaidi wake mwenyewe na anaogopa watakayoyasema wanaume na wanawake wa mji. Katika kitabu cha 24, mzee Priamo anamwomba Akile awe na aidosi mbele ya miungu na amhurumie baba aliyefiwa. Katika Odisei, Telemako anamtumia ombaomba ujumbe kwamba aidosi haimfai mtu mwenye shida, kwa maana kwamba aende akaombe chakula kwa wachumba wote waliomo ukumbini. Mfasiri akiandika aibu katika sehemu zote tatu, Hekta ataeleweka kwa kiasi, lakini Priamo ataonekana anamtaka Akile aaibike mbele ya miungu, na hilo silo aliloomba.

Ili kupata kirai kinachofaa, ni vema kukusanya kwanza mahali pote neno linapotokea na kuuliza kila mara ni nani mwenye hisia hiyo, iko mbele ya nani, inakuja kabla ya tendo au baada yake, na inamfanya mtu aache nini au atende nini. Majibu ya maswali hayo ndiyo malighafi ya kirai, kwa maana kirai kizuri hujengwa kwa mazingira yanayoiamsha hisia, wala hakijengwi kwa kurundika majina ya hisia za jirani kama vile “haya na aibu na staha”, mrundiko ambao humwachia msomaji kazi ya kuchagua iliyopaswa kufanywa na mfasiri. Aristoteli mwenyewe aliieleza aidosi kwa njia hiyo katika kitabu cha 4 cha Maadili ya Nikomako, alipoiita aina ya hofu ya kupata jina baya. Kwa Hekta, kirai “hofu ya kusemwa vibaya” kinakaa sawasawa, na sentensi ya Kiswahili inasomeka bila kujikwaa: hofu ya kusemwa vibaya na Watroya ilimzuia Hekta asiingie mjini. Kwa Priamo kirai hicho hakifai, kwa sababu miungu haisengenyi, na hapo inatosha kusema “wastahi miungu”. Kwa ombaomba, “kuona soni” kunamaliza kazi. Kwa hiyo kirai kinahitajika mahali pamoja tu kati ya patatu, na mfasiri anayekishikilia kila mahali kwa ajili ya ulinganifu ataiharibu kazi yake kama yule aliyeandika aibu kote.

Pia kuna mahali ambapo kirai hakivumiliki hata kikiwa sahihi. Katika kitabu cha 5 cha Iliadi, Hera anajifanya Stentori, mtu wa sauti kubwa, na kuwapigia kelele Wayunani wanaorudi nyuma vitani kwa kuanza na neno aidosi. Mtu mwenye hasira hatoi ufafanuzi, na “hamna haya!” ya Kiswahili ina nguvu ileile ya kukemea, hivyo haifai kuongezewa chochote.

Hubrisi ni shida ya aina nyingine, kwa kuwa kisawe chake cha mazoea kinapotosha. Kiburi ni hali ya moyo, na mtu anaweza kuwa nacho bila kumgusa yeyote, lakini hubrisi ni tendo lenye mtendwa, na katika Athene lilishtakiwa mahakamani. Demosthene alimtuhumu Meidia kwalo baada ya kupigwa ngumi hadharani katika sikukuu ya Dioniso. Katika kitabu cha 2 cha Balagha, Aristoteli anasema ni kutenda au kusema jambo la kumwaibisha mtu, si kwa faida wala kwa kisasi, bali kwa raha ya kufanya hivyo. Kirai “kudhalilisha kwa kuona raha” kinabeba shina la maelezo hayo, na kinaweza kupimwa kwa kumpa msikilizaji asiyejua Kiyunani kisa cha mtu anayelipiza kofi alilopigwa na kumwuliza kama kisa hicho kimo ndani ya kirai. Akijibu kwamba kimo, kirai hakijabana vya kutosha.

Ksenia ndiyo ngumu kuliko zote. Ukarimu ni tabia ya mtu, na takrima ni kile anachopewa mgeni, lakini ksenia ni kifungo kati ya mgeni na mwenyeji kinachodai malipo ya wema na kinachorithiwa. Katika kitabu cha 6 cha Iliadi, Glauko na Diomede wanakutana vitani wakiwa maadui, wakagundua kwamba babu wa Diomede, Oineo, aliwahi kumkaribisha Belerofonti, babu wa Glauko, kwa siku 20. Papo hapo wanashuka magarini, wanashikana mikono na kubadilishana silaha, za dhahabu zenye thamani ya ng’ombe 100 kwa za shaba zenye thamani ya ng’ombe 9. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake siku hiyo, na kwa hiyo neno ukarimu linaifanya habari yote isieleweke. “Undugu wa ugeni” ni kirai cha maneno matatu kinachoonyesha kifungo, chanzo chake na uwezekano wa kurithiwa, kwa kuwa undugu hurithiwa. Kina faida nyingine kubwa: Kiyunani humwita mgeni na mwenyeji kwa neno moja, ksenosi, na Kiswahili kinachowatenganisha kinaweza kuwaunganisha tena kwa kuwaita wote wawili “ndugu wa ugeni”.

Kikisha kuchaguliwa, kirai hiki kiandikwe kikamilifu kinapotokea mara ya kwanza, “undugu wa ugeni unaorithiwa na watoto”, kisha kibaki katika umbo lake fupi hadi mwisho wa kitabu. Na mfasiri wa Homeri asikibadilishe njiani hata kama sentensi moja itapendeza zaidi kwa neno ukarimu, kwa sababu msomaji hutambua istilahi kwa kurudiwa kwake.