Jinsi ya kufuta anwani potovu zinazojijaza katika baruapepe

Mnamo Novemba 7, 2014, afisa wa Idara ya Uhamiaji ya Australia alituma baruapepe yenye nambari za pasipoti, tarehe za kuzaliwa na maelezo ya viza za viongozi 31 waliotarajiwa katika mkutano wa G20 mjini Brisbane. Miongoni mwao walikuwa Barack Obama, Vladimir Putin na Angela Merkel. Ujumbe huo ulimfikia mtu katika kamati ya maandalizi ya kandanda ya Kombe la Asia. Afisa huyo alikuwa ameandika mwanzo wa jina, programu ya Outlook ikalikamilisha, naye hakukagua.

Kosa la aina hii hutokea kwa sababu programu hukumbuka anwani zilizowahi kutumiwa. Haifahamu ujumbe unahusu nini, bali hulinganisha herufi tu. Hivyo basi, Wanjiku wa ofisini na Wanjiku wa kampuni nyingine hujitokeza pamoja, na anayebonyeza kwa haraka humchagua wa kwanza.

Katika Outlook ya kawaida ya Windows, anayetaka kufuta pendekezo hufungua ujumbe mpya na kuandika herufi za kwanza kwenye nafasi ya To. Orodha inapojitokeza, hubonyeza alama ya X iliyo kando ya anwani isiyotakikana. Anayetaka kuifuta orodha nzima hufungua File, kisha Options, halafu Mail, na kubonyeza Empty Auto-Complete List. Hatua hii haifuti watu waliohifadhiwa kwenye kitabu cha anwani. Iwapo anwani potovu imehifadhiwa humo pia, sharti ifutwe au irekebishwe huko, la sivyo itarejea.

Gmail nayo huweka watu walioandikiwa katika sehemu iitwayo Other contacts, inayopatikana kwenye contacts.google.com. Mtumiaji huitafuta anwani humo na kuifuta. Hata hivyo, akimwandikia mtu huyo tena, anwani hurudi. Ili kukomesha jambo hilo, hufungua mipangilio, sehemu ya General, na chini ya Create contacts for auto-complete huchagua I'll add contacts myself, kisha huhifadhi mabadiliko.

Hata orodha ikisafishwa, majina yanayofanana yatabaki. Dawa ni kuyatofautisha katika kitabu cha anwani, kwa mfano "Wanjiku Uhasibu" na "Wanjiku Mawakili", na kuijaza nafasi ya To mwishoni, baada ya ujumbe na viambatisho kuwa tayari.

Gmail huruhusu pia kuahirisha utumaji kwa muda usiozidi sekunde 30 kupitia Undo Send. Zikishapita, ujumbe huwa umekwenda. Huko Australia, kosa liligunduliwa dakika chache baadaye, lakini lililobaki lilikuwa kumwomba aliyeupokea aufute.