Taarifa ya M-Pesa: namna ya kuhakiki jumla na salio kabla ya kufunga hesabu za safari

Wenye malori wengi wanaopitisha mizigo Namanga, Busia na Malaba hufunga hesabu za safari kwa kutumia taarifa ya miamala ya simu ya dereva. Fedha za mafuta, posho na gharama za mpakani hupita humo, na kila shilingi huacha mstari wake. Hata hivyo, faili linaloshushwa kutoka barua pepe haliwi ushahidi mpaka jumla zake zikubaliane na salio la mwanzo na salio la mwisho. Uhakiki huo huchukua dakika chache, na mara nyingi ndio unaoamua kama dereva atalipwa au atakatwa mshahara.

Makala haya yanaeleza uhakiki huo kwa taarifa ya M-Pesa ya Kenya. Kanuni ni ileile kwa taarifa ya benki au ya mtandao mwingine wa simu, ila mpangilio wa safu unaweza kutofautiana.

Faili na namba yake ya siri

Mteja huomba taarifa kupitia *334# au programu ya simu, akachagua kipindi anachotaka. Faili la PDF hutumwa kwa barua pepe likiwa limefungwa, na namba ya kulifungulia huja kwa ujumbe mfupi kwenye simu yenye akaunti.

Namba hiyo ya siri inazuia mtu asiyehusika kusoma faili. Haithibitishi kuwa yaliyomo ni sahihi. Mtu aliyekwisha kulifungua anaweza kuhifadhi nakala isiyo na kufuli, akabadili tarakimu, kisha akaifunga upya kwa namba nyingine. Kwa sababu hiyo, kuomba namba ya siri si sababu ya kuliamini faili, na kukosa kufuli ni dalili tu kwamba limepita mkononi mwa mtu kabla ya kukufikia. Aidha, si busara kulipeleka kwenye tovuti zinazojitangaza kufungua PDF bure, kwa kuwa ndani yake mna majina na namba za simu za wateja na mawakala.

Ukurasa wa kwanza una muhtasari wa aina za miamala na mstari wa TOTAL. Chini yake kuna orodha ya miamala yenye safu za Receipt No., Completion Time, Details, Transaction Status, Paid In, Withdrawn na Balance. Muamala wa karibuni kabisa huwa juu, na wa zamani kabisa huwa mwisho wa ukurasa wa mwisho.

Kanuni yenyewe

Salio la mwanzo, jumlisha fedha zote zilizoingia, toa fedha zote zilizotoka, lazima ipatikane salio la mwisho. Hakuna nafasi ya "karibu sawa". Tofauti ya shilingi moja ina maana kuna mstari usio sahihi au usiopo.

Penye kosa la mara kwa mara ni salio la mwanzo. Taarifa ya benki kwa kawaida huliandika waziwazi. Taarifa ya M-Pesa hailiandiki, hivyo wengi huchukua tarakimu ya safu ya Balance kwenye mstari wa zamani kabisa. Hilo ni kosa, kwa kuwa tarakimu hiyo ni salio baada ya muamala huo kukamilika. Ili kupata salio la mwanzo, rudi nyuma hatua moja: kama fedha ziliingia, zitoe kwenye salio hilo, kama zilitoka, zirudishe.

Mfano wa safari moja

Chukulia mwenye lori aliyeko Nairobi, na dereva wake aliyemaliza safari ya wiki moja kupitia Namanga. Taarifa ya simu ya dereva, ikipangwa kutoka muamala wa zamani hadi wa karibuni, ni hii:

```
Maelezo             Paid In  Withdrawn  Balance
Kutoka kwa tajiri    60,000              63,450
Mafuta                         28,500    34,950
Kutoa kwa wakala               15,000    19,950
Ada ya kutoa                      167    19,783
Kutoka kwa tajiri    20,000              39,783
Kumtumia wakala wa forodha     12,400    27,383
Ada ya kutuma                     100    27,283
Matairi                         6,150    21,133
```

Mstari wa kwanza una salio la 63,450 baada ya kupokea 60,000. Salio la mwanzo basi ni 3,450. Zilizoingia ni 80,000 na zilizotoka ni 62,317. Ukichukua 3,450, ukajumlisha 80,000 na kutoa 62,317, unapata 21,133, ambalo ndilo salio la mstari wa mwisho. Hesabu imefungana.

Mtu aliyechukua 63,450 kuwa salio la mwanzo angepata 81,133. Tofauti yake na salio halisi ni 60,000 kamili, sawa na muamala wa kwanza. Tofauti ikilingana na mstari wa zamani kabisa, kosa limekwisha kujulikana.

Mistari inayopotea wakati wa kunakili

Sasa chukulia kuwa mwenye lori alinakili mistari hiyo kutoka PDF na kuibandika kwenye jedwali la Excel. Mstari wa wakala wa forodha na ada yake ulikuwa pale ukurasa mmoja unapoishia na mwingine kuanza, na haikunakilika. Kwake zilizotoka ni 49,817 tu. Hesabu yake inasema dereva alipaswa kubaki na 33,633, ilhali simu inaonyesha 21,133. Pengo ni 12,500, na dereva anaulizwa fedha zimekwenda wapi.

Hapa ndipo mstari wa TOTAL wa ukurasa wa kwanza unapookoa mtu. Kabla ya kugusa salio lolote, linganisha jumla uliyopata na jumla iliyochapwa kwenye muhtasari. Muhtasari unasema 62,317 zilitoka; jedwali linasema 49,817. Pengo ni lilelile la 12,500. Maana yake fedha hazikupotea kwenye simu, bali mistari ilipotea kati ya PDF na jedwali. Dereva hana la kujibu.

Kuona pengo lilipo, hakiki mstari kwa mstari. Jedwali likiwa na Paid In kwenye safu C, Withdrawn kwenye D na Balance kwenye E, na muamala wa karibuni ukiwa mstari wa 2, andika hivi kwenye F2 kisha unakili kwenda chini hadi mstari wa pili kutoka mwisho:

```
=ROUND(E3+C2-D2-E2,2)
```

Kila jibu linatakiwa kuwa sifuri. Katika mfano huu F2, penye mstari wa matairi, itatoa 12,500. Kati ya mstari huo na ule wa chini yake, wa kupokea 20,000, ndipo mistari miwili ilipoanguka. Inabaki kufungua PDF na kuangalia sehemu hiyo moja tu.

Mambo mengine matatu huharibu jumla bila faili lenyewe kuwa na kosa. La kwanza, tarakimu iliyobandikwa na alama ya mkato, kama 12,400.00, inaweza kuchukuliwa na jedwali kuwa maandishi. SUM huiruka, na safu nzima inaweza kutoa sifuri. La pili, katika baadhi ya mafaili safu ya Withdrawn huwa na alama ya kutoa mbele ya tarakimu. Ukiitoa tena inageuka kuwa nyongeza, hivyo ondoa alama hizo kwanza. La tatu ni tarakimu iliyobandikwa safu isiyo yake. Hii hujitambulisha kwa pengo lililo mara mbili ya muamala: 12,400 zikihamia Paid In, hesabu itazidi kwa 24,800. Basi gawanya pengo kwa mbili, kisha tafuta jibu lake kwenye orodha.

Palipo na Fuliza

Dereva akitumia Fuliza, muamala mmoja huzaa mistari kadhaa yenye Receipt No. na muda mmoja: mkopo unaoingia, malipo yenyewe na ada yake. Mkopo huo huhesabiwa kwenye Paid In, ingawa hakuna mtu aliyemtumia dereva fedha. Usiufute, la sivyo hesabu haitafungana. Utenge tu pembeni unapohesabu tajiri alituma kiasi gani.

Mistari ya sekunde moja huweza pia kupangwa kwa mfuatano usiolingana na salio, hivyo safu F ikaonyesha tarakimu zisizo sifuri ilhali jumla kuu ni sahihi. Ikiwa tarakimu hizo zinafutana zenyewe ndani ya Receipt No. moja, hakuna kilichopotea.

Jumla zikikubaliana, bado kuna swali

Hesabu iliyofungana inathibitisha kuwa tarakimu za faili zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Haithibitishi kuwa faili ni halisi. Mtu akiongeza mafuta kutoka 28,500 hadi 34,500 na kupunguza malipo ya wakala wa forodha kutoka 12,400 hadi 6,400, jumla na salio la mwisho havibadiliki hata kidogo. Uhakiki wa mstari kwa mstari utamkamata, isipokuwa kama amebadili pia kila salio lililo kati ya mistari hiyo miwili.

Udhaifu mwingine ni kwamba salio la mwanzo lililopatikana kwa kurudi nyuma limetoka kwenye faili lilelile linalohakikiwa. Lililo bora ni salio la mwisho la taarifa ya kipindi kilichotangulia. Kama taarifa ya wiki iliyopita iliishia 3,450, ya wiki hii lazima ianzie hapo. Vivyo hivyo, 21,133 ya leo lazima iwe mwanzo wa wiki ijayo. Anayeghushi wiki moja atalazimika kughushi na zinazofuata.

Penye shaka, njia fupi ni dereva kuomba taarifa upya mbele ya tajiri wake, kwa kipindi kinachoanza siku chache kabla ya safari na kuishia siku chache baadaye. Faili lifunguliwe kutoka kwenye barua pepe lilipoingia, kwa namba iliyofika kwenye simu saa hiyohiyo. Kisha Receipt No. ya kila malipo makubwa ilinganishwe na ujumbe uliobaki kwenye simu ya muuza mafuta au wakala wa forodha. Receipt No. moja kwenye simu mbili lazima iwe na kiasi kimoja.

Kwa wanaopeleka mizigo Tanzania au Uganda, taarifa ya laini ya Kenya ihakikiwe peke yake kwa shilingi za Kenya, na ya laini ya nchi nyingine kwa fedha za nchi hiyo. Kubadili fedha kufanyike baada ya kila taarifa kufungana. Ukizichanganya mapema, tofauti ya viwango vya kubadilishia fedha itaficha mstari uliopotea, na lawama itarudi kwa dereva.